GHARAMA HALISI YA KILOMITA MOJA: MOTOKAA YA BINAFSI NA NAULI YA MATATU

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Wengi wa waliohudhuria walikuwa wakifikiri kuomba mkopo wa kununua motokaa.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hudhani kwamba analijua, nalo ni gharama ya kuendesha motokaa. Ukimwuliza mwenye gari ni shilingi ngapi anazotumia kwa kilomita moja, mara nyingi atakujibu kwa kuitazama petroli peke yake. Atasema, "Naweka petroli ya shilingi elfu moja asubuhi, nami naenda kazini na kurudi." Jawabu hilo si la uongo, lakini ni sehemu tu ya ukweli, na kama tutakavyoona, ni sehemu iliyo chini ya nusu. Mtu akikopa fedha nyingi kwa kutegemea hesabu ya namna hiyo, upungufu huja kuonekana baadaye, pengine siku ile karo ya watoto inapotakiwa.

Kwa hiyo leo tutafanya hesabu nzima ya gari moja, hatua kwa hatua. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu, nami nimezichagua ziwe nyepesi kuhesabu na zisiwe mbali na zile zinazolipwa Nairobi miaka hii. Yafaa kila mmoja wenu arudi nyumbani na kuweka bei zake mwenyewe mahali pa zangu.

MTU TUTAKAYEMFANYIA HESABU

Na tumchukue karani mmoja anayekaa Ruiru na kufanya kazi katikati ya mji wa Nairobi. Ana mke na watoto watatu. Kutoka mlangoni pake hadi ofisini ni kilomita 25 kwa njia ya Thika, basi kwenda na kurudi ni kilomita 50. Anafanya kazi siku 250 kwa mwaka, na hizo ni kilomita 12,500. Tuongeze kilomita 2,500 za kwenda kanisani, sokoni na kuwaona wazee mashambani. Jumla ya mwendo wake ni kilomita 15,000 kwa mwaka.

Karani huyu anataka kununua motokaa ndogo iliyotumika Japani, ya injini ya saizi ya 1500, kwa shilingi 1,200,000. Gharama zake tutazigawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni gharama za kusimama, ambazo gari huzila hata likikaa uani halikwendi popote. La pili ni gharama za mwendo, ambazo huongezeka kila gurudumu linapozunguka. La tatu ni maegesho ya mjini, ambayo hayafuati kilomita wala mwaka, bali hufuata safari. Ni lazima mafungu haya yasichanganywe, kwa sababu hapo ndipo hesabu za watu wengi zinapoharibika.

GHARAMA ZA KUSIMAMA

Gharama ya kwanza, nayo ndiyo isiyoonekana, ni kupungua kwa thamani ya gari. Hakuna mtu anayekuja mlangoni kudai fedha hizi, na kwa hiyo hazikumbukwi mpaka siku ya kuuza. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kila mwaka magari mengine yaliyo mapya zaidi hufika Mombasa, na gari lako lililokwisha kuingia huzidi kuwa la kizamani mbele ya wanunuzi.

Je, utajuaje thamani itapungua kiasi gani? Msiwaulize wenye kuuza. Nendeni katika yadi za magari mkaulize bei ya gari la namna ile ile, ila lililo kuukuu kwa miaka mitano zaidi kuliko lile mnalotaka kununua. Bei hiyo, ukiondoa kidogo kwa ajili ya faida ya mwenye yadi, ndiyo utakayopata wewe baada ya miaka mitano. Tuseme karani wetu ameambiwa shilingi 700,000. Basi atakuwa amepoteza shilingi 500,000 kwa miaka mitano, yaani shilingi 100,000 kila mwaka.

Gharama ya pili ni fedha zilizofungwa ndani ya gari. Kama karani angaliziweka fedha zake mahali pa kuzaa faida, zingalizaa. Thamani ya gari huanza na 1,200,000 na kuishia 700,000, basi kwa wastani amefunga humo shilingi 950,000. Tukihesabu faida ya asilimia 10 kwa mwaka, amekosa shilingi 95,000 kila mwaka.

Wengine watasema, "Sisi hatuna akiba hiyo, sisi tunakopa." Ni sawa, riba ya mkopo itachukua mahali pa faida iliyokosekana. Mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya deni lililobaki, ukilipa deni shilingi 25,000 kila mwezi kwa miezi 48, utakudai riba ya shilingi 294,000 kwa jumla. Malipo ya mwezi wa kwanza yatakuwa shilingi 37,000. Lakini hapa pana mtego. Wako watu wanaohesabu malipo yote ya mkopo kuwa gharama, kisha wakaongeza tena kupungua kwa thamani. Hao wamehesabu kitu kimoja mara mbili. Deni lenyewe unalolipa limegeuka kuwa gari, nawe gari unalo. Gharama ni ile thamani inayopotea pamoja na riba, basi.

Gharama ya tatu ni bima. Sheria inataka walau bima ya kuwalinda watu wengine barabarani, lakini aliyekopa kwa dhamana ya gari hutakiwa kuchukua bima kubwa inayolinda na gari lenyewe. Tuiweke shilingi 45,000 kwa mwaka.

Jumla ya gharama za kusimama, basi, ni shilingi 240,000 kwa mwaka. Zigawanyeni kwa siku 365, mtaona kwamba gari hili linakula karibu shilingi 657 kila siku ya Mungu, hata siku ambayo funguo zimening'inia ukutani.

GHARAMA ZA MWENDO

Sasa na tuje kwenye petroli. Mtu asikubali kuambiwa na muuzaji, wala na rafiki, kwamba gari fulani linakwenda kilomita kadha kwa lita. Apime mwenyewe, na njia ya kupima ni rahisi. Jaza tangi mpaka bomba la petroli likate lenyewe, kisha andika kilomita zinazoonekana mbele ya dereva. Endesha siku zako kama kawaida. Unapokwenda kujaza tena, jaza mpaka bomba likate, ikiwezekana kwenye pampu ile ile, uandike kilomita na lita zilizoingia. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita hizo. Usitosheke na kipimo kimoja, maana tangi halijai sawasawa kila mara. Fanya hivyo mara tatu au nne, ujumlishe kilomita zote na lita zote, kisha ndipo ugawanye.

Kipimo hicho kinafaa kuwa cha safari zako za kweli. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita katika barabara iliyo wazi laweza kushuka sana katika msongamano wa asubuhi, kwa sababu injini inakunywa petroli hali magurudumu yamesimama. Kwa karani wetu tuseme ni kilomita 12 kwa lita. Kwa kilomita 15,000 atahitaji lita 1,250, na kwa bei ya shilingi 180 kwa lita atatumia shilingi 225,000. Hiyo ni shilingi 15 kwa kilomita.

Baada ya petroli yanakuja matairi. Manne kwa shilingi 32,000, yakienda kilomita 40,000, ni senti 80 kwa kilomita, yaani shilingi 12,000 kwa mwaka. Kubadilisha oili na filta kila kilomita 5,000, kwa shilingi 8,000 kila mara, ni shilingi 24,000. Kisha kuna matengenezo mengine: breki, springi, betri, na vitu vidogo vidogo vinavyolegea kwa sababu ya matuta na mashimo. Haya hayaji kwa mpango. Mwezi mmoja hakuna kitu, mwezi wa pili fundi anataka elfu ishirini. Kwa hiyo lazima yawekewe fungu la mwaka mzima, nasi tutaweka shilingi 39,000.

Jumla ya gharama za mwendo ni shilingi 300,000, au shilingi 20 kamili kwa kila kilomita. Angalieni kwamba kati ya shilingi hizo 20, tano si za petroli. Mtu anayehesabu petroli peke yake amesahau robo ya gharama za mwendo, hata kabla ya kufikiri juu ya gharama za kusimama.

Maegesho ya mjini, kwa shilingi 300 kwa siku za kazi 250, ni shilingi 75,000.

Hesabu yote ya mwaka ni hii:

Gharama za kusimama: shilingi 240,000, au 16 kwa kilomita
Gharama za mwendo: shilingi 300,000, au 20 kwa kilomita
Maegesho: shilingi 75,000, au 5 kwa kilomita
Jumla: shilingi 615,000, au 41 kwa kilomita

Petroli ni shilingi 15 tu katika hizo 41. Ndiyo maana bei ya petroli, ambayo hutangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli kila tarehe 14 ya mwezi, haibadilishi hesabu kama watu wanavyodhani. Katika Oktoba 2023 bei ya juu kabisa ya petroli katika Nairobi ilifika shilingi 217.36 kwa lita. Kwa bei hiyo, petroli ya karani wetu ingalikuwa shilingi 18 na senti 11 kwa kilomita, na jumla ingalipanda kutoka 41 hadi 44 na senti 11. Petroli imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, lakini gharama yote imeongezeka kwa kiasi cha asilimia 8 tu. Vivyo hivyo, asitazamie mtu kwamba bei ya petroli ikishuka gari litakuwa rahisi.

UPANDE WA MATATU

Ili tusiwe na upendeleo, upande wa pili pia tuuhesabu kwa ukamilifu. Nauli ya matatu kutoka Ruiru hadi mjini tuseme ni shilingi 100, nayo ni shilingi 4 kwa kilomita. Lakini matatu haimchukui mtu mlangoni. Tuongeze shilingi 50 za bodaboda mpaka steji. Basi kwa siku anatumia shilingi 300 kwenda na kurudi, na kwa siku 250 ni shilingi 75,000.

Zile kilomita 2,500 nyingine anasafiri na jamaa yake. Tukiwahesabu wasafiri wanne kwa wastani, kwa shilingi 4 kila mmoja, ni shilingi 16 kwa kilomita, jumla shilingi 40,000. Tena tumwekee fungu la shilingi 35,000 kwa teksi siku ya mgonjwa, siku ya mzigo mkubwa, na usiku ambao matatu hazipatikani. Jumla yote ni shilingi 150,000 kwa mwaka, yaani shilingi 10 kwa kila kilomita ya safari.

Atakayefanya hesabu hii asitumie nauli ya mchana wakati magari ni matupu. Atumie ile anayotozwa kweli saa za kwenda kazini, na akumbuke kwamba nauli hupanda mvua inaponyesha na sikukuu zinapokaribia. Njia nzuri ni kuandika nauli zote katika daftari kwa mwezi mmoja.

Tofauti kati ya njia hizi mbili, kwa karani wetu, ni shilingi 465,000 kwa mwaka, au 38,750 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei anayolipa kwa kuwa na gari lake mwenyewe.

MASWALI MAWILI, MAJIBU MAWILI

Sasa tumefika mahali penye maana kubwa kuliko pote. Mtu aweza kuuliza maswali mawili yanayofanana, na majibu yake ni mbali mbali.

Swali la kwanza ni hili: "Je, ninunue gari?" Mwenye kuuliza hivi lazima ahesabu mafungu yote, maana bado anaweza kuyaepuka yote. Hapa ni muhimu sana atazame atakwenda kilomita ngapi. Gharama za kusimama ni zile zile 240,000, iwe gari linakwenda sana au kidogo. Likienda kilomita 6,000 tu kwa mwaka, kila kilomita inabeba shilingi 40 za kusimama, na pamoja na 20 za mwendo inakuwa shilingi 60 kabla ya maegesho. Likienda kilomita 30,000, kila moja inabeba shilingi 8 tu, na jumla ni 28, ingawa gari linalokwenda hivyo huchakaa upesi na kuuzwa kwa bei ya chini zaidi. Kwa hiyo gari linalolindwa uani ili lisichoke, kilomita yake ndiyo ghali kuliko zote.

Swali la pili ni la yule ambaye gari analo tayari: "Je, safari hii ya leo niende kwa gari au kwa matatu?" Huyu asihesabu gharama za kusimama, kwa kuwa atazilipa tu, aende asiende. Ahesabu mwendo na maegesho. Kwa karani wetu, siku ya kazi ni kilomita 50 kwa shilingi 20, yaani 1,000, na maegesho 300. Jumla ni shilingi 1,300, hali kwa matatu na bodaboda ni 300. Akienda peke yake, gari ni ghali zaidi ya mara nne. Akienda na mkewe ambaye naye anafanya kazi mjini, ni 1,300 kwa 600. Wakiwa watu wanne wanaochangia, ni 1,300 kwa 1,200, karibu sawa.

Lakini mtazameni siku ya Jumamosi, anapokwenda kuwaona wazee wake katika kijiji kilicho umbali wa kilomita 60, yeye na jamaa yake wote watano. Kwenda na kurudi ni kilomita 120, na kwa shilingi 20 ni shilingi 2,400. Kwa matatu, watu watano kwa shilingi 4 kila kilomita ni shilingi 2,400 vile vile. Na kwa kuwa barabara ya safari hiyo ni nyeupe na gari laweza kwenda kilomita 15 kwa lita, petroli itashuka kutoka shilingi 15 hadi 12 kwa kilomita, na gharama ya gari itakuwa shilingi 2,040. Siku hiyo gari limeshinda, wala hakuna maegesho ya kulipa.

Basi mwenye gari anayelitumia kwa safari za jamaa nzima, na siku za kazi akapanda matatu, hakosi akili hata kidogo, ijapokuwa majirani watamcheka. Kila siku ya kazi anaokoa shilingi 1,000. Na yule ambaye bado hajanunua, akiona kwamba safari zinazomfaa ni chache tu katika mwaka, na aulize kwanza bei ya kukodi gari kwa siku hizo, ailinganishe na shilingi 240,000 za kusimama.

YASIYOANDIKWA KATIKA DAFTARI

Mtu ataniambia kwamba sikuhesabu wakati. Ni kweli, nao waweza kuhesabiwa. Tuseme gari linamwokolea karani wetu saa moja kila siku ya kazi, yaani saa 250 kwa mwaka. Tugawanye ile tofauti ya shilingi 465,000 kwa saa 250, tutapata shilingi 1,860. Hiyo ndiyo bei anayoinunua saa yake moja. Fundi anayepata zaidi ya hapo kwa saa moja, au mama anayefanya biashara katika miji mitatu kwa siku moja, aweza kusema kwamba ni bei nzuri. Karani mwenye mshahara wa kawaida hana budi kufikiri tena. Na kabla ya kusema kwamba ameokoa saa nzima, apime, kwa maana msongamano wa njia ya Thika hauchagui motokaa ya binafsi wala matatu.

Kuna mengine yasiyopimwa kwa shilingi: mtoto anayeugua usiku, mama mjamzito, mtu mlemavu asiyeweza kupanda ngazi ya matatu, au anayerudi kutoka kazini saa sita za usiku. Mwenye sababu hizi aweza kununua gari na kuwa amefanya vema. Lakini na ajue bei yake, ili aichague macho yakiwa wazi.

Nawaomba basi, kabla ya kuja mbele ya halmashauri ya mikopo, kila mmoja aandike karatasi moja tu. Juu yake aweke kilomita atakazokwenda kwa mwaka, bei ya kununua, bei atakayouza, riba, bima, kilomita kwa lita, matengenezo na maegesho. Chini aandike nauli alizolipa mwezi uliopita, mara kumi na mbili. Kisha atoe moja katika nyingine, agawanye kwa miezi, aitazame ile tofauti na kujiuliza kama mshahara wake unaweza kuibeba kila mwezi, baada ya chakula, kodi ya nyumba na karo.